Agiteta iliyogandia kwenye shafti: shajara ya kuing'oa, siku kwa siku

Naandika hii kadiri kazi inavyoenda ili mwenye mashine kama yangu asipitie niliyopitia. Mashine yenyewe ni ya kufulia ya mlango wa juu, ile yenye agiteta ndefu katikati ya ngoma, na agiteta yenyewe ni ya vipande viwili: chini kuna kipande kikubwa chenye sketi pana kinachoenda mbele na kurudi, na juu kuna kipande cha kuzunguka upande mmoja tu kinachosukuma nguo ziende chini. Kama yako ina sahani bapa tu chini ya ngoma badala ya mnara, hii siyo kazi yako, ile inafungwa tofauti kabisa.

Sababu ya kuifungua: wiki tatu sasa kuna kitu kinakwaruza chini kila agiteta ikienda na kurudi, na fulana mbili zimetoka na vitobo vidogo vidogo mstarini, kama vimechomwa sindano. Nikahisi kuna kitu cha chuma kimejificha chini ya sketi. Njia ya kukitoa ni moja tu, uing'oe agiteta.

Jumamosi, 7 Machi: bolti imetoka, agiteta imebaki

Plagi nimeichomoa ukutani, maji nimeyatoa yote. Kifuniko cha juu kabisa kinatoka kwa bisibisi bapa, unakikwanyua pembeni polepole. Chini yake kuna kifuniko cha pili cha ndani, hiki ndo chenye sili ya mpira inayozuia maji yasishuke kwenye bolti, na hapa nikaona dalili ya kwanza ambayo sikuipa uzito: sili haikuwepo. Kilikuwepo kifuniko, lakini ule mpira wa mzunguko umekatika zamani na umebaki uzi mweusi tu. Ndani ya mnara chini kulikuwa na maji ya rangi ya kutu, kama vidole viwili hivi.

Bolti iko chini ndani ya mnara, huioni vizuri bila tochi. Kichwa chake ni cha inchi 7/16, soketi ya milimita 11 inaingia vizuri, lakini chukua soketi ya pembe sita na siyo ya pembe kumi na mbili, maana kichwa kikishakuwa na kutu ile ya pembe kumi na mbili inateleza na kukila. Ekstensheni ndefu, ratcheti, unafungua kinyume na saa. Ukizungusha agiteta nayo inazunguka, kwa hiyo mtu mmoja ashike mapezi kwa mikono miwili wakati mwingine anafungua. Bolti iligoma kama dakika kumi, nikaipulizia oili ya kulegeza kutu, nikasubiri, ikaachia na mlio.

Nikajua nimemaliza. Maelezo yote niliyowahi kusikia yanasema ukishatoa bolti unainua tu. Nikashika juu nikavuta, wapi. Nikasimama na kuvuta kwa mgongo, wapi. Nikaitikisa huku na huku huku navuta, na hapo nikafanya kosa la kwanza: nilikuwa nimeshika kipande cha juu. Kipande cha juu hakijashikana na shafti hata kidogo, kimeshikwa kwenye kipande cha chini kwa vijino vinne vya plastiki ambavyo ndo vinafanya kizunguke upande mmoja. Nilivyovuta kwa nguvu kikatoka mkononi ghafla, na vijino viwili kati ya vinne vikabaki vipande.

Kwa hiyo andika hili: usivute kwa juu. Chochote utakachofanya, nguvu iingie kwenye sketi ya chini, maana huko ndiko kuna mwili mmoja na ile sehemu iliyogandia.

Gharama ya leo: saa mbili, vijino vya agiteta (vinauzwa kama seti ya vinne, ubadilishe vyote), na kifuniko cha ndani chenye sili.

Jumapili, 8 Machi: nielewe kwanza imegandia wapi

Leo sijavuta. Nimekaa na tochi nikaangalia, na naona hili ndo jambo lililonisaidia kuliko zana zote.

Shafti ya chuma inapanda kutoka kwenye gia boksi, inapita katikati ya ngoma, inaingia ndani ya mnara wa agiteta kwa chini. Juu ya shafti kuna meno ya wima kuzunguka pande zote, na ndani ya mnara kuna meno ya plastiki yanayoingiliana nayo. Hayo meno ndo yanayobeba kazi yote, bolti haifanyi kingine zaidi ya kuzuia agiteta isiruke juu. Kwa hiyo eneo lililogandia ni dogo, ni urefu wa meno tu, siyo mnara mzima. Chini ya hapo mnara ni mtupu, haugusi kitu.

Sasa sili ilipokatika, kila mara unapofua maji ya sabuni yanaingia kwa juu, yanakaa kwenye kale kashimo kalipo juu ya bolti, yanashuka taratibu kwenye meno. Maji yanakauka, sabuni na chokaa vinabaki. Shafti inaota kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichotokana nacho, kwa hiyo inavimba ndani ya meno ya plastiki na kuyabana. Ukichanganya na chokaa na mabaki ya kilainisha nguo, ni kama mtu amemwaga saruji.

Kale kashimo kalipo juu ya bolti nitakaita kikombe kuanzia sasa, maana kinakaa kama kikombe na ndicho kitatuambia kama tunasonga mbele. Ukimimina kitu mle, njia yake ya kushuka ni kupita kwenye meno. Kiwango kikishuka, njia imefunguka. Kisiposhuka, bado pameziba na kuvuta ni kupoteza nguvu.

Nimerudisha bolti, nimeizungusha mizunguko michache tu, ikabaki nafasi ya kama sentimita 1 chini ya kichwa chake. Hii ina faida mbili. Nyuzi za ndani ya shafti zinakingwa na kutu na dawa nitakazomimina, na siku agiteta itakapoachia haitaruka ikakupiga kidevuni, itaishia kwenye kichwa cha bolti. Usisahau hii, vitu vilivyobanwa hivi vikiachia vinaachia kwa kishindo.

Jioni nikajaza kikombe oili ya kulegeza kutu, nikaacha ilale.

Jumatatu, 9 Machi: oili imegoma kushuka

Asubuhi kiwango kilikuwa palepale nilipokiacha, hata milimita hakijashuka. Kazini nilikuwa nawaza hiki kitu siku nzima. Jioni nikavuta kidogo kwa mikono chini ya sketi, vidole vinaingia kwa shida, wala haikustuka.

Hapa nimekosea mpangilio na ni kosa ambalo nadhani wengi wanalifanya. Oili ya kulegeza kutu ni nzuri kwa chuma na chuma, lakini kilichoziba hapa kwa juu ni chokaa na sabuni iliyokauka, na oili haiyeyushi chokaa. Mbaya zaidi, oili ikishapaka uso wa ile chokaa, dawa ya maji ukiimimina baadaye inateleza juu, haishiki. Yaani nimejifungia mlango mwenyewe. Mpangilio sahihi ni asidi nyepesi kwanza, suuza, afu ndo oili.

Nimeifyonza oili kwa sindano kubwa ya plastiki, nikajaza maji ya moto na sabuni ya vyombo, nikasugua kwa brashi ndefu ya chupa, nikafyonza, nikarudia mara nne mpaka maji yakaacha kuwa na mng'ao wa mafuta.

Jumanne, 10 Machi: asidi ya limau, na povu la kwanza

Vijiko vikubwa 2 vya asidi ya sitriki ya unga kwenye nusu lita ya maji ya moto. Siki nyeupe pia inafanya kazi ila polepole zaidi. Nikamimina kwenye kikombe na baada ya sekunde chache vikaanza kupanda vipovu vidogo vidogo kama soda. Vipovu hivyo ni chokaa inayeyuka, ndo dalili unayoitafuta. Usipoona povu kabisa, basi tatizo lako ni kutu tupu na sabuni, asidi itasaidia kidogo tu.

Onyo moja ambalo silitaji kama desturi: kama mmekuwa mkifua na dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, suuza ngoma na kikombe kwa maji mengi kabla hujaweka siki au asidi yoyote. Vikikutana vinatoa gesi ya klorini, na wewe umeinamisha kichwa ndani ya ngoma hapo, hewa haipiti.

Kila saa moja nafyonza ya zamani, najaza mpya ya moto. Raundi tano. Usiiache asidi ilale usiku kucha, inaanza kula shafti yenyewe na ikimwagika kwenye ngoma ya rangi ya kaure inafifisha ule mng'ao. Raundi ya nne niliporudi kikombe kilikuwa kimepungua. Nikajua nimekosea kujaza. Raundi ya tano nikaweka alama kwa kalamu ya wino mzito, na baada ya saa moja kiwango kilikuwa chini ya alama kwa upana wa kidole. Inashuka! Nilifurahi kuliko inavyostahili kwa kidole kimoja cha maji, lakini ndo mara ya kwanza kitu chochote kilisogea tangu Jumamosi.

Nikasuuza kwa maji ya moto mara mbili, nikakausha kwa kitambaa kwenye kijiti, na sasa ndo nikaweka oili. Asubuhi oili nayo ilikuwa imepungua nusu.

Jumamosi, 14 Machi: mtaimbo, na ufa

Katikati ya wiki sikugusa zaidi ya kuongeza oili kila usiku. Leo nikaja na mtaimbo mdogo. Nikaupenyeza chini ya sketi, nikaweka kipande cha ubao chini yake ili usiegemee ngoma, nikaukandamiza. Sketi upande ule ikapanda kama nusu sentimita, nikasema sasa inakuja, nikaongeza. Ikapiga mlio wa kupasuka. Ufa wa sentimita 4 kutoka ukingo wa sketi kwenda ndani.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni, yeye anatengeneza pampu za maji, hii siyo fani yake lakini amezoea vitu vilivyogandia. Akasema, "Shemeji, hiyo haipandi, hiyo inalala upande. Kila ukiisukuma huku, kule upande wa pili meno yanauma zaidi." Ni kweli kabisa. Ile nusu sentimita niliyoiona ilikuwa sketi inajikunja, siyo agiteta inapanda. Meno ni marefu na yamebana, ukiinua upande mmoja unayapinda yakwame kama droo ya kabati unayoivuta kwa kona moja.

Tukajaribu mitaimbo miwili, mmoja kila upande, tunakandamiza pamoja kwa kuhesabu. Bora zaidi, haikulala, lakini sasa likaja tatizo jingine: mitaimbo inaegemea ngoma, ngoma imekaa juu ya springi, kwa hiyo nguvu yetu nyingi inaishia kuzamisha ngoma. Na ile iliyofika inavuta shafti juu kutoka kwenye gia boksi. Shafti ile haijatengenezwa kuvutwa juu kwa nguvu ya watu wawili. Tukaacha kabla hatujaongeza hasara.

Kuna wanaoweka mti juu ya bodi ya mashine na jeki ya gari wakavuta kwa kamba. Tulifikiria, tukakataa kwa sababu ileile. Bodi ya juu ni bati jembamba linajikunja, na ukivuta kutokea kwenye bodi unainua ngoma nzima na gia boksi lake kwenye springi zake, halafu zikifika mwisho ndo nguvu inaenda kwenye gia boksi. Na kupiga nyundo juu ya shafti ndo kabisa usithubutu, kila pigo linatua kwenye gia.

Shemeji akauliza swali zuri: "Kwa nini usiisukume shafti chini wakati unavuta sketi juu, nguvu zikutane zenyewe kwa zenyewe?" Hapo ndo mradi ulipogeuka.

Gharama ya leo: saa tatu na ufa mmoja.

Jumapili, 15 Machi: puli ya kujitengenezea

Wazo ni hili. Unasimamisha bomba la chuma ndani ya mnara, chini linakaa juu ya kichwa cha bolti, juu linatokeza kupita mdomo wa mnara. Juu ya bomba unalaza gongo gumu. Kutoka kwenye gongo unashusha mikanda inayopita chini ya sketi. Ukikaza mikanda, sketi inavutwa juu na bomba linasukumwa chini kwenye shafti kwa nguvu ileile sawasawa. Gia boksi halisikii kitu, ngoma haizami, springi haziingii kwenye hesabu. Nguvu yote inaishia kwenye meno, ambako ndiko tunakotaka.

Vitu tulivyotumia: bomba la chuma la urefu wa sentimita 60 linaloingia kwenye mnara bila kubana, soketi kuukuu ya kukaa kati ya bomba na kichwa cha bolti ili bomba lisiteleze, gongo la mbao ngumu la sentimita 50 ambalo katikati yake kwa chini tulichimba tundu la nusu unene ili kichwa cha bomba kikae humo, na mikanda miwili ya kufungia mizigo yenye ratcheti, ile myembamba ya upana wa milimita 25. Mipana haipiti chini ya sketi.

Kupitisha mikanda ndo kulikokula muda. Nafasi kati ya sketi na sakafu ya ngoma ni ndogo, na katikati kuna shafti, huwezi kupitisha moja kwa moja. Tulikunja waya mgumu ukawa kama ndoano ndefu, tukaupitisha kwanza, tukafunga ncha ya mkanda, tukauvuta. Mkanda wa kwanza unapita kulia kwa shafti, wa pili kushoto kwa shafti, yote miwili ikielekea mbele na nyuma. Ncha zake mbili za mkanda wa kulia zinapanda na kukutana juu ya mkono wa kulia wa gongo, za kushoto vilevile. Kwa hiyo sketi inabebwa sehemu nne, siyo moja. Ule ufa tuliuacha ukae katikati ya mikanda, usiguswe.

Kwenye gongo tulikata mifereji midogo mikanda isiteleze kuelekea nje. Na kabla ya kukaza chochote tulifunika lote kwa blanketi zito, maana gongo likiruka hujui litaenda wapi.

Kukaza: mibofyo 2 ya ratcheti kulia, mibofyo 2 kushoto, unaangalia sketi kama iko sawa kwa kupima kimo chake kutoka sakafu ya ngoma pande nne na kipande cha ubao. Ikitofautiana, unakaza ule upande ulio chini. Mikanda ikawa inalia kama gitaa ukiigonga. Tukaacha kukaza. Haikuachia.

Hapa nilitaka kuongeza tena na nikajizuia, kwa sababu ufa wa jana bado ulikuwa mbele ya macho yangu. Badala ya nguvu tukaleta joto. Plastiki ya agiteta ni polipropilini, na hiyo ikipata joto inatanuka karibu mara kumi ya chuma. Kwa hiyo ukizipasha zote mbili pamoja, plastiki inaachana na shafti kidogo. Maji ya moto yasiwe yanachemka, mimi nilichemsha nikayaacha dakika chache yapoe, kama nyuzi 80 hivi. Juu ya hapo plastiki inaanza kulainika na mikanda ikiwa imekazwa inaweza kuikunja sketi moja kwa moja. Usitumie kikausha nywele ndani ya ngoma yenye unyevu, umeme na maji hapo havina msamaha.

Nikamimina kwenye mnara kupitia pembeni ya bomba, birika zima, taratibu. Maji yakashuka yote kupitia meno, hayakusimama hata kidogo. Birika la pili. Nikasubiri. Shemeji akaongeza mbofyo 1 kila upande mikanda ilipolegea kidogo kwa joto. Birika la tatu, na nilikuwa bado nimelishika mkononi pale kiliposikika kishindo kimoja kikavu, gongo likaruka kidogo chini ya blanketi, mikanda yote ikalegea kwa mpigo.

Agiteta ilikuwa imepanda sentimita moja na kusimama kwenye kichwa cha bolti, kama tulivyopanga. Kuanzia mbofyo wa kwanza mpaka kishindo ni kama dakika 40. Tukafungua mikanda, nikatoa bolti, nikainua agiteta kwa mikono miwili bila kutumia nguvu yoyote. Nilikaa nayo pale sakafuni muda kidogo.

Jumapili hiyohiyo, jioni: kilichokuwa chini

Waya wa sidiria. Umekunjika upinde, ncha moja imetokeza juu kupitia ukingo wa sketi, ndo iliyokuwa inatoboa fulana. Sarafu mbili, kibonyezo cha suruali, soksi ya mtoto ambayo ilikuwa imekuwa kama udongo, na tope jeusi la sabuni na kilainisha unene wa kidole kuzunguka lote. Harufu yake ilieleza kwa nini taulo zilikuwa zinanuka hata zikikauka juani.

Meno ya shafti yalikuwa na kutu ya kahawia iliyopauka na madoa meupe ya chokaa katikati. Nimeyasugua kwa brashi ya waya laini wa shaba, siyo ya chuma, mpaka yakang'aa, nikapangusa. Hakuna jino lililolika. Meno ya plastiki ndani ya mnara nayo mazima, niliyapitisha kijiti cha mbao kila mfereji. Hili liangalie kwa makini kwako: kama meno ya plastiki yamelika yakawa mviringo, usijisumbue kuirudisha, agiteta itateleza na nguo hazitasogea.

Jumamosi, 21 Machi: kurudisha

Seti ya vijino vinne imefika, na kifuniko cha ndani chenye sili mpya, na oringi ya bolti. Vijino vimeingia kwa dakika tano, angalia tu makali yake yote yaelekee upande mmoja kama vilivyokuwa vya zamani.

Ufa kwenye sketi: gundi za kawaida hazishiki polipropilini, nilijua hivyo na sikuhangaika. Nimetoboa tundu la milimita 3 pale ufa unapoishia ili usiendelee, na kingo zake nimezisugua kwa msasa laini mpaka ukipitisha soksi ya nailoni hainasi. Itafanya kazi kwa sasa. Agiteta mpya nimeshaiagiza.

Meno ya shafti nimeyapaka grisi ya silikoni, ile isiyotoka na maji, tabaka jembamba tu la kufanya yang'ae. Usitumie grisi ya gari, inavimbisha mpira wa sili na inatia madoa nguo. Agiteta ikaingia kwa kusukuma na kiganja. Bolti imekazwa mpaka ikakaa imara, basi, siyo kwa kuning'inia kwenye ratcheti. Kabla ya kufunga kifuniko cha ndani nikaweka kipande cha karatasi ya chooni ndani ya kikombe. Afu nikaendesha mashine mzunguko mmoja mtupu wa maji ya moto na sabuni ili mabaki ya oili yatoke, nguo za kwanza zikawa matambara.

Kama ile puli isingefanya kazi, mpango uliobaki ulikuwa kuukata mnara kwa msumeno wa chuma, wima, kutoka juu mpaka kwenye meno bila kugusa shafti, afu kuupanua mkato kwa bisibisi bapa. Hiyo unaifanya ukishakuwa na agiteta mpya mkononi tu.

Jumla ya gharama: kama saa 14 za kazi ukiondoa kusubiri, seti ya vijino, kifuniko na sili, oringi, kopo la oili, na agiteta mpya ambayo isingehitajika kama nisingetumia mtaimbo upande mmoja. Bomba, gongo na mikanda vilikuwepo.

Jumamosi, 4 Aprili: karatasi

Wiki mbili, tumefua kama mara tisa. Sauti ya kukwaruza haipo, kipande cha juu kinazunguka na nguo zinashuka kama zamani. Leo nimefungua kifuniko cha ndani nikaangalia karatasi: kavu kabisa, nyeupe. Nimegusa bolti, kavu. Ufa haujasogea kupita tundu. Nimelegeza bolti nikajaribu kuinua agiteta, ikapanda kwa vidole viwili. Nimeirudisha, nimeweka karatasi mpya, nitaifungua tena mwezi wa kumi.